Milioni 3 na laki 8 kwa mwezi? Hebu tuihesabu upya hiyo stetimenti

"Habari kaka. Nina nyumba Nguvumali, vyumba viwili na sebule, kodi laki 2 na nusu kwa mwezi. Kaja kijana anauza samaki, miezi 6 ya mkupuo hana anataka alipe mwezi kwa mwezi, ila kaniletea stetimenti ya miezi 6, ya simu na ya benki. Nimejumlisha zilizoingia nimepata milioni 22 na laki 8, ukigawa kwa 6 ni milioni 3 na laki 8 kwa mwezi. Mume wangu anasema nimpe, mi moyo unasita. Nimekutumia zote, majina nimefuta. Nimpe au nisimpe?"

Salama dada, na kufuta majina umefanya la maana, maana karatasi ya hela ya mtu ni siri ya mtu na tangu 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwahiyo ukishaamua mrudishie karatasi zake na usizisambaze kwenye grupu la ukoo hata kwa nia ya kuomba ushauri.

Jibu fupi: kwa kodi hiyo na kwa karatasi hizi peke yake, bado usimpe. Ila usimfukuze pia, maana humo ndani kuna mambo mawili matatu yanayonifanya nimpende huyu kijana, ntakuonyesha.

Nimekuwa afisa mikopo hapa Tanga miaka 11 na kosa ulilofanya we ndo kosa nililofanya mi mwaka wangu wa kwanza. Alikuja mtu wa machungwa kutoka Muheza na stetimenti ya miezi 6, nikajumlisha kuingia, nikagawa, nikaona jamaa tajiri kuliko bosi wangu, nikamwidhinishia. Kumbe miezi ile yote ilikuwa ya mavuno na ile hela nusu yake haikuwa yake, ilikuwa inapita tu mkononi kwenda kwa wakulima. Mwezi wa tatu wa marejesho akazima simu, na mi nikaitwa ofisini kujieleza. Tangu siku hiyo safu ya kuingia naisoma ya mwisho.

Kabla ya hesabu nimeangalia kwanza kama karatasi ni za kweli, na hili nakushauri ufanye kwa kila mpangaji hata akiwa na sura ya ushehe. Stetimenti ya PDF mtu anaweza kuibadilisha namba moja akakaa kimya, lakini akibadilisha moja hesabu zote za chini yake zinakataa. Salio la mstari wa juu, jumlisha kilichoingia, toa kilichotoka pamoja na makato, lazima upate salio la mstari unaofuata, kwa shilingi kamili sio kwa kukaribia. Mfano salio lilikuwa 412,300, ikaingia 180,000, basi mstari unaofuata useme 592,300, ukikuta 842,300 hapo kuna mtu kaongeza laki 2 na nusu kwa mkono. Kama mdogo wako anajua Excel mwambie aziandike kurasa mbili tatu, salio likiwa safu ya D, kuingia B na kutoka pamoja na makato C, mstari wa kwanza wa hesabu uwe wa 2, halafu aweke hii pembeni kuanzia mstari wa 3 aivute hadi chini:

```
=D2+B3-C3
```

Ikilingana na safu ya D mstari kwa mstari, safi. Nimeipitisha Desemba yote na Aprili yote ya kijana wako, imelingana hadi senti. Lakini bado mwambie aiombe tena mbele yako kutoka kwenye simu yake, iingie pale pale ukiona, na ya benki iwe na muhuri wa tawi. Mtu mkweli hatonuna, na anayeanza hadithi ya chaji kuisha ushapata jibu lako.

Haya sasa hizo milioni 22 na laki 8. Kitu cha kwanza, kijana anatoa hela benki anaweka kwenye simu, na we umeihesabu ilipoingia benki kutoka kwa mteja halafu ukaihesabu tena ilipoingia kwenye simu. Hela moja umeila mara mbili. Nimezitafuta zote, tarehe ile ile na kiasi kile kile inatoka huku inaingia kule, jumla milioni 4 na laki 9. Toa. Kuna miamala mitatu aliyotuma kimakosa ikarudishwa, laki 3, toa. Kuna Songesha, ile ya kukopeshwa pale salio linapopungua, inaonekana kama hela imeingia lakini ni deni, jumla laki 6. Kuna mkopo wa laki 8 ulioingia mwishoni mwa Januari, huo nao deni. Na kuna milioni 1 na laki 2 ya Februari, imeingia kwa mkupuo kutoka kwa mtu yule yule ambaye kijana anamtumia laki 2 kila tarehe 5, hiyo nimeijua mara moja ni mchezo, zamu yake ilifika akapokea. Hela ya mchezo ni yake lakini sio kipato, ni akiba yake mwenyewe inarudi.

Zote hizo jumla milioni 7 na laki 8. Kilichobaki ni milioni 15 kamili, ndo hela ya wateja kweli, yaani milioni 2 na nusu kwa mwezi. Mume wako hapa atasema si bado nyingi. Ngoja.

Huyu ni mfanyabiashara sio mwajiriwa. Mwajiriwa ukiona mstari wa mshahara tarehe 25 ndo huo huo, unatoa makato ya mikopo basi. Muuza samaki hela ya mteja ina mwenyewe nyuma, mvuvi, barafu, na gari la kupeleka mzigo. Sasa utajuaje alinunua kwa kiasi gani na mnada wa samaki wa Deep Sea watu wanalipana taslimu? Angalia saa. Hii naipenda sana. Kwenye stetimenti yake siku nyingi kuna kutoa kwa wakala saa 05:12, 05:20, 05:08, laki 2, laki 3, mara laki 1 na nusu. Hakuna mtu anatoa laki 3 saa 11 alfajiri kwenda kununua kanga. Huyo anaenda kuzungukia mnada boti zikirudi. Halafu saa 8 au saa 9 mchana zinaanza kuingia laki na kitu, laki na kitu, kutoka kwa wale wale, hoteli mbili na kama mama ntilie wanne. Kwahiyo za alfajiri zote nimezihesabu ni mtaji, nimeongeza anazotuma moja kwa moja kwa mtu wa barafu na zile anazotuma kwa dereva siku za mzigo wa Korogwe, jumla milioni 11 na laki 4. Za kutoa jioni elfu 20 elfu 30 sijazigusa, hiyo ni nyumbani.

Milioni 15 toa 11 na laki 4 unabaki na milioni 3 na laki 6. Gawa kwa 6, laki 6 kwa mwezi. Kutoka milioni 3 na laki 8 hadi laki 6 dada, na wala kijana hajakudanganya popote, karatasi ndivyo zilivyo.

Sasa "kinatosha" ni swali moja na "kimetulia" ni swali lingine, na watu wanaishia kwenye la kwanza. Wastani ni kitu cha hatari, unaweza kuzama kwenye mto ambao kina chake kwa wastani kinakufika magotini. Kwahiyo nimetoa mwezi mmoja mmoja, kilichobaki baada ya kununua mzigo: Novemba laki 6 na 90, Desemba laki 8 na 70, Januari laki 6 na 20, Februari laki 6 na 10, Machi laki 4 na 80, Aprili laki 3 na 30. Unaona inavyoshuka? Desemba ni sikukuu, hoteli zinajaa, hiyo usiitegemee. Ukiiweka pembeni huyu ni mtu wa laki 6 anayeteremka kwenda laki 3.

Hapa ndo pale moyo wako uliposita na umesita sawa. Wewe mtu wa Tanga unajua bahari yetu ina majira. Novemba mpaka Machi ni kaskazi, bahari inaendeka, ngalawa zinatoka, samaki wapo. Kuanzia Aprili inaingia kusi na inapiga mpaka kama Septemba hivi, mawimbi makubwa, boti ndogo zinalala, samaki wanaopatikana wachache na bei ya mnadani inapanda wakati hoteli inataka kulipa ile ile ya zamani. Aprili juu yake kuna masika. Stetimenti aliyokuletea ni Novemba hadi Aprili, yaani miezi mitano mizuri na mmoja wa kuonjesha ubaya. Miezi ambayo atakuwa anakulipa wewe mwanzoni, Mei, Juni, Julai, Agosti, haimo hata mmoja. Sisemi kafanya makusudi, we ulimwambia miezi 6 akaleta 6 ya mwisho kama mtu yeyote. Lakini kwa mtu wa bahari, wa machungwa, wa mahindi, miezi 6 ni nusu ya hadithi. Mdai na ile ya Mei hadi Oktoba mwaka jana. Hicho ndo kitu kimoja kikubwa ninachotaka uondoke nacho hapa, na haitomgharimu kitu zaidi ya ada ndogo pale benki.

Tuje kwenye madeni maana kile cha Aprili laki 3 na 30 sio chote chake. Ule mkopo wa laki 8 anaurudisha elfu 47 kila Jumatatu, wiki 20, nimehesabu unaisha katikati ya Juni. Kwa mwezi wa wiki nne ni laki 1 na 88 elfu. Aprili basi ilibaki laki 1 na 42 elfu, kabla hajala, kabla mtoto hajaumwa. Kodi yako ni laki 2 na nusu. Hata ungekuwa mkali vipi asingekuwa nayo.

Na mwili wenyewe ulikuwa unaonyesha dalili. Songesha Novemba kachukua mara 1, Desemba hakuna, Januari mara 2, Februari 4, Machi 9, Aprili 14. Kiasi chenyewe kidogo, kwa kawaida elfu 20 hivi, ndo maana mtu haoni, ila hesabu mara sio kiasi. Mtu anayekopa simu mara 14 kwa mwezi maana yake kila siku ya pili salio limegonga sifuri. Salio la mwisho wa siku nalo liangalie, Novemba lilikuwa halishuki chini ya elfu 80, Aprili kuna siku 17 lipo chini ya elfu 2.

Sasa niliyoyapenda. Tafuta kwenye stetimenti kodi anayolipa sasa hivi, watu wengi hawalioni hili na ndo ushahidi mzuri kuliko wowote. Kuna namba moja anaitumia 120,000 kila mwezi, lazima ndo mwenye nyumba wake. Novemba tarehe 3, Desemba tarehe 2, Januari tarehe 4, Februari tarehe 3. Machi imeenda tarehe 11. Aprili tarehe 19 na kwa vipande viwili, 70 halafu 50. Yaani hata laki na 20 ilimshinda kulipa kwa wakati mwezi wa Aprili, lakini alilipa. Hajawahi kuruka. Unamwona mtu anayebanwa ila hakimbii.

Na ule mchezo. Kila tarehe 5 katoa laki 2, miezi sita yote, haijapita hata siku moja. Aprili tarehe 5 asubuhi salio halikutosha, Songesha ikamjazia elfu 60 na mchezo ukaenda. Ukiwa mkali utasema kakopa ili acheze mchezo, mi nasema huyu mtu akishaahidi wenzake tarehe anaijua. Ule mchezo umeisha Aprili, watu sita miezi sita, kwahiyo kuanzia Mei laki 2 imepumua, mradi hajaingia mwingine, hilo muulize mdomoni.

Lipo la haki yake pia lazima niseme. Hela taslimu haimo. Mteja wa nyumbani anayenunua kilo moja mlangoni analipa noti, na noti hiyo hiyo inanunua unga, simu haijui kitu, na pengine ndo iliyomlisha Aprili. Kwahiyo laki 6 yangu inaweza kuwa chini kidogo ya ukweli. Muombe daftari la mauzo la wiki mbili tatu, halafu chukua siku tano hivi linganisha: hoteli aliyoandika daftarini kalipa kwa simu 135,000, ipo kwenye stetimenti siku ile? Zikilingana, na yale mauzo ya noti aliyoandika yaamini, ila mi huwa nahesabu nusu yake tu. Zisipolingana funga daftari rudisha. Na daftari lenye wino wa rangi moja, mwandiko mmoja usiotetereka na halina hata tone la maji ya samaki, dada, hilo limeandikwa jana usiku.

Kitu kingine nilichokiangalia ni hela za kuzungushwa, yaani mtu anaomba shemeji amtumie laki 5 asubuhi anamrudishia jioni, ilimradi karatasi inenepe. Mara nyingi zinajaa wiki mbili za mwisho kabla ya kuja kwako na zinakuwa namba za mviringo, laki 5, milioni 1. Kwake hakuna, za kwake zina mikia, 134,500, 87,000, hiyo ndo hela ya kilo na bei.

Kipimo ninachotumia mimi kiko hivi, kodi isizidi theluthi ya wastani na isizidi nusu ya mwezi mbovu kuliko yote, na mwezi mbovu ninaupima baada ya kutoa deni kama deni litakuwepo muda wa mkataba. Kwa kodi ya laki 2 na nusu mtu awe na wastani wa laki 7 na nusu na mwezi mbovu usipungue laki 5. Kijana ana wastani wa laki 6, na mwezi mbovu laki 3 na 30. Hata nikimsamehe mkopo kwa sababu unaisha Juni, theluthi ya laki 6 ni laki 2, halafu nusu ya laki 3 na 30 ni laki 1 na 65. Nachukua ndogo. Huyu leo ni mpangaji wa laki na 60 hivi, sio wa laki 2 na nusu. Kutoka 120 anayohangaika nayo sasa kuruka hadi 250 mwanzoni mwa kusi ni kumtafutia ugomvi na wewe.

Na usije ukasema basi alete miezi 6 ya mkupuo ndo usalama. Milioni 1 na nusu hana, ataenda kukopa, marejesho ya kila wiki yatamla miezi yote sita na mwezi wa saba utakutana na mtu mkavu kuliko huyu.

Kwahiyo fanya hivi. Mwambie alete Mei hadi Oktoba ya mwaka jana, ya simu inatosha kama benki inasumbua, ihesabu kwa njia hii hii. Ukikuta kusi ya mwaka jana mwezi mbovu ulibaki laki 5 hivi au zaidi, ujue Aprili hii ilikuwa bahati mbaya yake, mpe nyumba ila upate na mdhamini mwenye mshahara. Ukikuta laki 3 na kitu, basi kama una vyumba vya uani vya laki na nusu mpe hivyo, au muandikishane kodi inayofuata bahari: laki na 60 kuanzia Mei hadi Septemba, na laki 3 na 15 kuanzia Oktoba hadi Aprili. Piga hesabu utaona mwaka unapata milioni 3 na 5 elfu, karibu sawa na 3 zako kamili. Ila hiyo ya laki 3 na 15 nayo ipitishe kwenye kipimo kabla hujasaini, maana kwa karatasi za mwaka huu Machi na Aprili zisingeibeba, labda awe anaweka ya ziada kwako Desemba na Januari wakati hoteli zimejaa, na uandike risiti kila mara.

Na tarehe ya kodi usiandike tarehe 1. Hela kubwa kubwa za zile hoteli zake mbili zinaingia kati ya tarehe 7 na 9 kila mwezi, nimeangalia miezi yote sita. Andika tarehe 10.